Kwa nini filta ya Kalman huweza kuua ustahimilivu wa LQR, na jinsi ya kuurudisha

*Mwalimu, shikamoo. Nina gololi ya chuma inayoelea chini ya koili, na sensa moja ya mwanga inapima umbali wake. Nilipiga hesabu ya LQR ikanipa K, yaani geini bora zinazogeuza umbali na kasi kuwa amri ya koili, kisha nikaweka filta ya Kalman ikadirie kasi. Asubuhi gololi inatulia vizuri, lakini koili ikishapata joto inaanza kuyumba, kila myumbo ukiuzidi uliotangulia, hadi inaanguka. Nimesoma kwamba LQR inastahimili geini kushuka hadi nusu. Isitoshe nilijaribu kuongeza K mara mbili na haikutikisika. Sasa joto kidogo tu linaiangusha vipi? Na hii LTR ninayoisikia inatibu nini hasa? (Mwanafunzi, Changamwe)*

Marahaba. Nianze na lile jaribio lako la kuongeza K mara mbili, maana hapo ndipo jambo lote lilipojificha. Lilikupa jibu la kweli kwa swali ambalo si lako. Ulipoiongeza K ndani ya programu, amri mpya ilikwenda kwenye koili, na nakala yake ikaenda kwenye filta. Filta ilijua kwamba msukumo umeongezeka. Koili inapopata joto, hakuna anayeiambia filta. Programu inatuma amri ileile, filta inahesabu msukumo uleule, na gololi inapata pungufu.

Upungufu wenyewe si mdogo. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja. Koili iliyoanza asubuhi kwenye digrii 28, ikafika 58 baada ya saa moja ya kazi katika joto la Mombasa la mwezi wa Machi, imeongeza ukinzani kwa karibu asilimia 12. Ikiwa unaiendesha kwa volteji na hudhibiti mkondo, mkondo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 10, na nguvu ya kila volti unayoamuru imeshuka hivyo hivyo. (Mkondo wa msingi unaobeba uzito wa gololi nao umeshuka, lakini huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni kuongeza kijumlishi. Hapa nauacha.)

Tuandike geini halisi ya koili kuwa m. Koili baridi ina m = 1, na ikipata joto m inakuwa kama 0.9. Mtambo unapokea m·u, ilhali filta inaamini ni u. Kosa la makadirio, yaani tofauti kati ya hali halisi na hali inayokadiriwa, linafuata mlingano huu, ambapo A, B na C zinaueleza mtambo na L ni geini ya filta:

```
e' = (A - L*C)*e + (m - 1)*B*u
```

Iangalie sehemu ya mwisho. Geini ikiwa sawasawa na ulivyoiandika, sehemu hiyo ni sifuri. Amri haigusi kosa, kosa linakufa lenyewe, na mizizi ya mfumo mzima, inayoamua kama utatulia, ni ile ya LQR ikiwekwa pamoja na ile ya filta. Hiyo ndiyo kanuni ya utengano tunayofundishwa darasani, nayo ni kweli. Lakini m ikiondoka kwenye 1, hata kwa uchache, amri inazalisha kosa, na kwa kuwa amri inatokana na hali iliyokadiriwa, kosa nalo linazalisha amri. Kitanzi cha pili kimezaliwa ndani ya mfumo, kitanzi ambacho hukukichora popote na ambacho hesabu ya LQR haikukiona. Swali lililobaki ni geini ya kitanzi hicho ni kubwa kiasi gani.

Mfikirie nahodha anayeingia Kilindini kwenye ukungu, anayejua mahali alipo kwa kuhesabu mapigo ya injini na kuchungulia boya mara chache. Rafadha ikiwa imeshika kome, injini inapiga vilevile lakini chombo hakiendi alikodhani. Yeye anageuza usukani kwa kufuata mahali anapodhani yupo. Hatari yake inategemea jambo moja: anapoliona boya, analiamini kiasi gani kuliko hesabu yake mwenyewe.

Sasa twende kwenye namba. Nitatumia mfano ambao John Doyle aliuchapisha mwaka 1978, kwa sababu unahesabika kwa kalamu na karatasi. Wakati ule watu walikuwa na imani kubwa. Kalman alikuwa ameonyesha mwaka 1964 sifa ya msingi ya mrejesho bora, na mwaka 1977 Safonov na Athans wakathibitisha kwa mifumo yenye pembejeo nyingi kwamba LQR ina akiba ya geini kutoka nusu hadi isiyo na kikomo, na akiba ya fezi ya angalau digrii 60. Filta ya Kalman, kwa kuwa ni pacha wa LQR kihesabu, ina sifa zinazofanana upande wake. Wengi wakadhani ukiunganisha viwili vyenye akiba utapata kimoja chenye akiba. Makala ya Doyle yaliuliza ni akiba gani muungano huo, yaani LQG, unazihakikisha, na muhtasari wake ulikuwa maneno matatu tu ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna hata moja.

Mtambo wake ni huu, na kando yake nimeweka uzito nilioupenda mimi ili namba zitoke safi:

```
A = [1 1; 0 1];   B = [0; 1];   C = [1 0];
Q = 60*[1 1; 1 1];   R = 1;
W = 60*[1 1; 1 1];   V = 1;
```

Q na R ni gharama za LQR. W na V ni nguvu za kelele unazoiambia filta: W ya kelele inayousukuma mtambo, V ya kelele ya sensa. Mtambo hauko imara, kama gololi yako, ingawa si nakala yake. Kutoka amri hadi kipimo ni 1/(s−1)². Ukitatua, unapata K = [10 10] na L = [10; 10]. Mizizi ya LQR ni ya s² + 8s + 1, na ya filta ni ya s² + 8s + 1 pia. Kila kitu kinaonekana kizuri.

Kwa LQR peke yake, hali zote zikipimwa, mlingano wa mfumo wenye geini m ni s² + (10m − 2)s + 1. Uimara unahitaji m izidi 0.2 tu, na juu hakuna kikomo. Hiyo ni akiba nono kuliko hata ile iliyoahidiwa.

Ukiiweka filta, mlingano unakuwa wa daraja la nne:

```
s^4 + 16 s^3 + 66 s^2 + (16 + 200(m-1)) s + (1 - 100(m-1)) = 0
```

Tazama namba ya mwisho. Ikishuka chini ya sifuri, kuna mzizi mmoja umevuka kwenda upande wa kulia, ambako mfumo hauko imara. Hilo linatokea m ikizidi 1.01. Asilimia moja! Upande wa chini, kwa kigezo cha Routh, mfumo unavunjika m ikishuka chini ya takriban 0.93. Kidhibiti kilichoruhusu geini kutoka 0.2 hadi popote sasa kinaruhusu kutoka 0.93 hadi 1.01. Na hiki si kisa cha filta mbovu. Ni filta bora kabisa kwa kelele zilizotajwa.

Dalili za pande mbili hazifanani, na hilo linasaidia kwenye benchi. Geini ikizidi, kwa mfano m = 1.02, mzizi mmoja halisi unakwenda karibu +0.044. Mfumo hautikisiki. Unateleza tu upande mmoja, ukiongezeka maradufu kila sekunde 16 hivi. Geini ikishuka chini ya 0.93, unapata myumbo wa taratibu, kama sekunde 18 kila mzunguko, unaokua. Gololi yako ina kasi yake. Ikiwa pengo chini ya koili ni milimita 10, mzizi wake usio imara uko karibu na 44 kwa sekunde badala ya 1, kwa hiyo usizitafute sekunde 18. Kwa makadirio ya kulinganisha tu, tafuta myumbo wa nusu sekunde hivi. Lakini jambo la kushika ni kwamba myumbo huu ni wa polepole ukiulinganisha na kasi ya kidhibiti chenyewe. Mtikisiko mkali wa haraka ungenifanya nishuku kitu kingine, pengine ucheleweshaji wa sampuli.

Sasa, ile namba 100 imetoka wapi? Hapa naomba tukae kidogo. Chukua kitanzi kile kilichojificha na ukitazame mambo yakiwa yametulia, yaani s = 0. Msukumo wa kipimo kimoja ambao filta haikuujua, ukiingia kupitia B, unaacha kosa la kudumu kwenye makadirio. Ukipiga hesabu, kosa hilo ni 1 kwenye hali ya kwanza na 9 kwenye ya pili. Zidisha kwa K = [10 10] unapata 100. Kwa hiyo geini ya kitanzi kilichojificha ni 100 mara (m − 1). Geini hiyo ikifika 1, mfumo umefika ukingoni. Ndiyo maana kikomo ni 1.01 hasa, wala si bahati mbaya ya namba. Na mrejesho wa LQR wenyewe hauwezi kuokoa kitu hapo, kwa sababu katika mfano huu geini yake kwenye s = 0 ni sifuri.

Kwa nini filta bora iruhusu kosa kubwa namna hiyo? Kwa sababu tuliidanganya, bila kukusudia. Ile W inasema kwamba kelele inazisukuma hali zote mbili kwa pamoja na kwa kiasi kilekile. Fuatilia kelele hiyo hadi kwenye kipimo na utakuta inapita kwenye s/(s−1)². Ile s ya juu inamaanisha kwamba kelele ya polepole haionekani kabisa kwenye kipimo. Filta ikachukua neno letu: hakuna msukumo wa kudumu usiojulikana katika dunia hii, kwa hiyo hakuna haja ya kujilinda nao. Ikabaki na mzizi mmoja mzito kwenye −0.127, unaosahihisha makosa ya polepole kwa kujikokota. Hesabu ya Kalman ilifanya ilichoombwa. Sisi hatukuitajia kwamba koili hupata joto.

Kutoka hapo wazo la kurejesha kitanzi, LTR, linakuja karibu lenyewe. Doyle na Gunter Stein walilieleza mwaka 1979, wakaliendeleza mwaka 1981. Iambie filta kwamba kuna kelele nyingine, ya kubuni, inayoingia mahali palepale amri yako inapoingia. Yaani W mpya iwe W ya zamani ukijumlisha ρBB'. Kelele hiyo haipo. Ni njia ya kuiambia filta isiuamini sana msukumo unaoamuriwa, na iamini zaidi kinachopimwa. Kisha unaipandisha ρ hatua kwa hatua na kuangalia.

Katika mfano wetu hesabu inabaki nyepesi. Mizizi ya filta sasa ni ya s² + βs + γ, ambapo γ ni kipeuo cha pili cha 1 + ρ, na β ni kipeuo cha pili cha 2γ + 62. Geini za filta ni l₁ = 2 + β na l₂ = γ + 1 + β. Na geini ya kitanzi kilichojificha, ile iliyokuwa 100(m − 1), sasa ni 10·l₁/γ mara (m − 1). Ukiiweka ρ = 0, γ ni 1 na l₁ ni 10, unarudi kwenye 100. Ukiipandisha, γ inakua haraka kuliko l₁, na kitanzi kile kinanyong'onyea.

Kwa ρ = 10⁴, γ ni 100 na l₁ ni kama 18.2. Mfumo unastahimili m kutoka takriban 0.41 hadi 1.55. Kwa ρ = 10⁶, γ ni 1000, l₁ ni kama 47.4, na m inaweza kutembea kutoka 0.27 hadi 3.1. Hujagusa K hata kidogo. Umebadilisha imani ya filta tu, na ustahimilivu wa LQR unarudi ukikaribia ule mpaka wa 0.2 upande wa chini na kutokuwa na kikomo upande wa juu.

Hakikisha mwenyewe, usinichukulie kwa neno langu. Katika Octave, ukianza na `pkg load control`, au MATLAB yenye Control System Toolbox:

```
A = [1 1; 0 1];  B = [0; 1];  C = [1 0];
K = lqr(A, B, 60*[1 1; 1 1], 1);
rho = 0;
W = 60*[1 1; 1 1] + rho*(B*B');
L = lqr(A', C', W, 1)';
m = 1.02;
eig([A, -m*B*K; L*C, A-B*K-L*C])
```

Kwa rho = 0 utaona mzizi mmoja chanya. Weka rho = 1e4 na utatoweka. Angalia pia kwamba m imewekwa kwenye −m·B·K ya safu ya juu tu, ambayo ni ya mtambo. Safu ya chini, ya filta, haina m. Ukiiweka m kote kote utakuwa umerudia jaribio lako la K mara mbili.

Neno "kurejesha" lina maana mahususi hapa. Ukikata waya kwenye mlango wa koili, nje ya programu, na kupima kitanzi kizima kuanzia hapo, kitanzi cha LQG si kile cha LQR. ρ ikikua, kitanzi hicho kinaelekea kufanana na cha LQR, masafa kwa masafa, kuanzia ya chini kwenda ya juu. Unaweza kuliona jambo hili kwenye kidhibiti chenyewe. Katika mfano, kidhibiti chenye filta ya awali kina sifuri, yaani thamani ya s inayoifanya geini yake iwe 0, kwenye s = +0.5, upande mbaya. Kitanzi cha LQR kina sifuri yake kwenye 0. LTR inaisogeza ile ya kwanza: iko kwenye l₁/(l₁ + l₂), na kwa ρ = 10⁶ imeshafika karibu 0.04.

Kwa lugha ya jumla, L ikigawanywa kwa kipeuo cha ρ inaelekea kuwa B yenyewe, na filta inageuka kuwa kitu kinachoupindua mtambo kinyume ili kujua ni msukumo gani hasa umeingia. Hapo ndipo kikomo chake kikubwa kinapotokea. Ili kuupindua mtambo, baadhi ya mizizi ya filta huzifuata sifuri za mtambo na kuzifuta, na iliyobaki hukimbilia mbali kushoto. Mfano wetu hauna sifuri, kwa hiyo mizizi yote miwili ilikimbia. Mtambo wenye sifuri upande wa kulia hauwezi kupinduliwa na filta iliyo imara, na urejeshaji unaishia njiani hata ρ ikiwa kubwa kiasi gani. Rafiki zako wa toroli lenye fimbo ya kusimama watakutana na hili wakipima mahali pa toroli peke yake: sifuri moja iko kwenye kipeuo cha g/l, na kwa fimbo yenye uzito kileleni na urefu wa mita 0.3 hiyo ni karibu +5.7. Dawa yao ni kuongeza sensa ya pembe. LTR haitawafaa. Gololi yako inapimwa umbali wake moja kwa moja na haina sifuri ya aina hiyo, kwa hiyo wewe uko upande wa wenye bahati.

Gharama sasa. Katika masafa ya juu, kidhibiti kizima kinaikuza kelele ya sensa kwa kiasi cha 10(l₁ + l₂)/s. Kwa filta ya awali hiyo ni 200/s. Kwa ρ = 10⁴ ni kama 1,350/s, na kwa ρ = 10⁶ ni karibu 10,900/s, zaidi ya mara 50 ya ulikoanzia. Kelele ya taa ya karakana inayoingia kwenye sensa yako ya mwanga itafika kwenye koili ikiwa imevimba kiasi hicho. Koili italia, transista itapata joto, na huenda amri ikagonga kikomo cha volteji, ambapo hesabu hizi zote za mstari ulionyooka hazifanyi kazi tena. Makadirio ya kasi nayo yatakuwa na kelele zaidi kuliko yale ya filta bora, maana filta hii si bora tena kwa kelele halisi. Umenunua ustahimilivu kwa kelele.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika. Mizizi ya filta inapokimbia kushoto, kidhibiti kinaanza kufanya kazi katika masafa ambayo mtambo wako wa kwenye karatasi si wa kweli. Kwako kitu cha kwanza huko ni uzito wa koili kupokea mkondo. Koili ya omu 8 na henri 0.04 ina kona yake kwenye 200 kwa sekunde, na ikiwa hukuiandika kwenye A, LTR itakupeleka huko ukiwa umefumba macho. Ama uiandike kama hali ya tatu, ama uidhibiti koili kwa mkondo ili kona isogee mbali. Mimi ningechagua kudhibiti mkondo. Hata joto la shaba litakuwa halikusumbui sana baada ya hapo. Lakini najua ukifanya hivyo utaniambia swali limekwisha bila LTR, na bado kuna nguvu ya sumaku inayobadilika na pengo, ambayo nayo ni geini.

Usitafute ρ kubwa kabisa. Tafuta ndogo inayotosha. Kwa koili yako unajua geini itatembea kati ya 0.85 na 1.1 hivi, basi lenga mfumo ustahimili kutoka 0.6 hadi 1.5 na usimame hapo. Katika mfano wetu ρ = 10⁴ ingetosha, na ile 10⁶ ingekuwa kelele ya bure. Na kumbuka LTR hurudisha kitanzi cha LQR kilivyo. Kama K yako yenyewe ni kali kupita kiasi, utarejeshewa ukali huohuo.

Jambo moja la programu. Kompyuta yako inafanya kazi kwa sampuli, na nadharia hii niliyokueleza ni ya wakati usiokatika. Mpangilio wa kawaida wa wanafunzi ni kusoma sensa, kutuma amri iliyohesabiwa kwa makadirio ya hatua iliyopita, kisha kuisasisha filta. Mpangilio huo unaongeza ucheleweshaji wa sampuli nzima ambao ρ haiwezi kuufuta. Soma sensa, sasisha makadirio kwa kipimo hicho hicho, halafu ndiyo utume amri.

Kabla hujabadilisha chochote, fanya jaribio sahihi ukiwa na koili baridi. Kwenye programu, tuma `m*u` kwenye koili lakini ipe filta `u` tupu. Shusha m kidogo kidogo kutoka 1 hadi gololi ianze kuyumba, kisha rudi 1 na uipandishe. Huku ukifanya hivyo, rekodi tofauti kati ya kipimo na kile filta ilichotarajia. Filta yenye afya huacha tofauti inayorukaruka kuzunguka sifuri. Ikiwa tofauti hiyo inaegemea upande mmoja kwa muda mrefu, au inapanda na kushuka taratibu pamoja na amri, umekiona kitanzi kilichojificha kwa macho. Niletee jozi hiyo ya m ulizopata, ya chini na ya juu, pamoja na A yako na W uliyotumia. Nashuku W yako ina namba ndogo mno mahali pa B, kwa sababu programu nyingi za mfano huanza na kelele ndogo sawasawa kwenye kila hali na watu hawairudii tena.